"Mwalimu, broka wangu anachezea kendo": acheni hizi habari, ni saa tu

Jumamosi iliyopita wamenijia tena vijana wawili pale Nyegezi, kila mmoja na simu yake, wote MT4, wote USDJPY, wote D1. Mmoja ana pinba safi kabisa ya kununua, mwenzake kwa siku ileile ana kendo jekundu la kawaida tu. "Mwalimu angalia, huyu broka wangu tapeli, anachora kendo zake." Nikahesabu kimoyomoyo, nadhani hii ni mara ya kumi na kitu mwaka huu nasikia sentensi hiyohiyo. Kwa hiyo leo naandika, atakayeniuliza tena namtumia hii.

DHANA: Kendo za siku zikitofautiana, basi kuna broka anadanganya.

Hapana. Foreksi haina soko moja lenye kengele ya kufunga kama soko la hisa, inatembea mfululizo kuanzia Jumapili hadi Ijumaa, sasa "siku" inaisha saa ngapi? Mazoea ya soko ni saa kumi na moja jioni ya New York, na ndo swapu zinapokatwa. Ila kwenye chati yako kendo la D1 linafungwa sava ya broka ikigonga 00:00, na sava kila broka anaiweka anakotaka yeye. Wengi wameiweka GMT+2, ikifika kiangazi cha Marekani inakuwa GMT+3, makusudi ili 00:00 yao iangukie hapohapo kwenye saa kumi na moja ya New York. Wengine wako GMT kavu mwaka mzima. Kwa sisi huku Mwanza, kiangazi cha wenzetu, broka wa kwanza anafunga siku saa sita usiku, huyu wa GMT anafunga saa tisa usiku. Hayo masaa matatu katikati ndo ugomvi wote.

Chukulia wavuvi wa dagaa. Wanatoka jioni, taa zinawaka ziwani usiku kucha, asubuhi mzigo uko Mwaloni. Ukifunga daftari saa sita usiku, usiku mmoja wa kuvua umeukata ukaingia siku mbili, na mwenzio akifunga saa tisa ana hesabu nyingine. Dagaa ni walewale, hakuna aliyeiba.

Tuje kwenye simu za wale vijana, namba nazirahisisha ili ufuate. Ni Alhamisi. Kwa broka anayefunga na New York kendo limefungua 157.00, juu 157.40, chini 155.80, limefunga saa sita usiku 157.20. Mwili pipsi 20, mkia wa chini pipsi 120, hiyo ni pinba hata mtoto anaiona. Sasa Japani wao wako mbele yetu masaa sita, na takwimu zao za mfumuko wa bei hutoka saa mbili na nusu asubuhi ya kwao, yaani huku ni saa nane na nusu usiku tumelala. Zikatoka kubwa kuliko ilivyotegemewa, yen ikapata nguvu, bei ikashuka mpaka 156.30. Kwa broka wa kwanza hiyo ni Ijumaa tayari, kendo jipya. Kwa broka wa GMT bado ni Alhamisi! Kendo lake lilifunguka saa tisa usiku kwa 156.95, juu ni 157.40 ileile, chini 155.80 ileile, ila limefunga 156.30. Mwili mwekundu pipsi 65, mkia wa chini 50, wa juu 45. Pinba imeyeyuka.

Ona kwamba juu na chini ni zilezile, kilichobadilika ni mahali mkasi ulipokata. Wa kwanza akanunua, wa pili hakuona kitu, asubuhi mmoja analia na mwingine anacheka, halafu wote wanamtukana broka.

Unataka kujua kama kweli unachezewa? Shuka H1, linganisha saa ileile ya kweli kwenye broka wote wawili. Tofauti za sava huwa ni masaa kamili kwa hiyo kendo za H1 kwenda chini zinakatwa palepale, zinabadilika lebo tu. Ukikuta zinapishana pipsi moja mbili ni kawaida, kila broka anapata bei kwa watu wake. Ukikuta pipsi 30 wakati soko limetulia, hapo sasa njoo tuongee, na uje na piksi ya skrini usije na hasira.

DHANA: Setingi zikiwa sawa, indiketa itasoma sawa.

Hii nayo inagharimu watu na hawajui. Huyo wa GMT ana kendo la Jumapili, kijiti cha masaa mawili au matatu, kwa sababu soko linafunguka Jumapili usiku kabla sava yake haijafika 00:00. Wiki yake ina kendo sita, wengine tano. Mstari wa wastani wa kendo 20 kwa mwenzio ni wiki nne, kwako ni wiki tatu na siku mbili. ATR 14 ndo mbaya zaidi: tuseme siku ya kawaida inatembea pipsi 80 na hicho kijiti 20, ndani ya kendo 14 ukiwa na Jumapili mbili unapata kama 71 badala ya 80. Wewe unayeweka stop losi ATR mara moja na nusu umeweka 107 wakati aliyekufundisha kaweka 120, bei inakugusa wewe inamwacha yeye, halafu unasema stratejia mbovu. Na pivoti za Jumatatu zinazopigwa kwa kendo la jana, jana yako ni Jumapili, mistari yote imebanana kama abiria wa daladala la Igoma.

DHANA: Nibadilishe saa ya simu, au taimzoni kwenye TradingView.

Simu haihusiki kabisa. TradingView ukibadilisha zoni unabadilisha maandishi ya chini, kendo la siku linabaki lilelile. Na MT4 haina mahali pa kubadilisha saa ya sava, usiitafute.

Ninachofanya mimi, na nawalazimisha wanafunzi wangu: fungua demo kwa broka mwenye kendo tano kwa wiki, soma D1 na H4 huko (H4 nayo inakatwa tofauti, msisahau), oda weka kwa broka wako uleule. Kumjua hesabu kendo za wiki, basi.

DHANA: Sava ni saa ya Mwanza, nimeangalia.

Umeangalia mwezi wa saba. GMT+3 ni saa yetu kweli, ila sisi hatubadilishi saa, wao Jumapili ya kwanza ya Novemba wanarudi GMT+2 na siku inaanza kufungwa saa saba usiku. Kuna na broka wanaofuata kalenda ya Ulaya, hao Machi wanachelewa Marekani wiki mbili hadi tatu, na kipindi hicho utaona kwao kendo la Jumapili la saa moja limejitokeza halafu linapotea lenyewe. Mwezi huo naomba mtu asinipigie simu.