Onyo la ufunguo wa seva kubadilika

“Onyo hilo ni usumbufu tu: futa mstari kwenye known_hosts, kisha unganisha tena.”

Onyo hilo la `ssh`, programu ya kuingia kwenye seva ya mbali, linasema jambo moja tu, kwamba ufunguo ambao seva imeuonyesha sasa haufanani na ule ambao kompyuta yako iliuhifadhi awali katika faili ya known_hosts. Huenda seva imewekewa mfumo upya, huenda anwani yake imepewa mashine nyingine, au huenda mtu amejipenyeza katikati ya mawasiliano; `ssh` yenyewe haiwezi kuzitofautisha sababu hizo. Kwa hiyo, kufuta mstari hakuthibitishi lolote, bali kunaondoa kumbukumbu pekee uliyokuwa nayo, na `ssh` ikikuuliza kama uendelee, ukijibu “yes” utakuwa umeupokea ufunguo wowote utakaoletwa.

Tarehe 24 Machi 2023 GitHub ilibadilisha ufunguo wake wa RSA, kwa kuwa ule wa siri ulikuwa umeonekana kwa muda mfupi katika hazina ya wazi. Onyo lilikuwa la kweli na kufuta kulikuwa sahihi, lakini kwa sababu GitHub ilitangaza badiliko hilo na kuchapisha alama ya vidole, mfuatano mfupi wa herufi unaoutambulisha ufunguo mpya, kwenye tovuti yake, yaani kwa njia isiyopitia muunganisho uleule unaotiliwa shaka.

```
ssh-keygen -R github.com
```

Baada ya amri hiyo, linganisha alama inayoonyeshwa na iliyochapishwa, herufi kwa herufi (nne za mwisho hazitoshi), ndipo ukubali. Kwa seva ya kazini, mpigie simu msimamizi wake akusomee alama hiyo, asipopatikana, usiunganishe.