Kwa nini mtoto wa sikoseli anywe penisilini hata akishachanjwa

"Mwanangu ana miaka miwili na ana sikoseli. Chanjo zote kapata, kijitabu cha kliniki kimejaa. Mbona bado naambiwa nimpe penisilini asubuhi na jioni? Kwani chanjo haikushika?" (Mama, Kisauni)

Imeshika, mama. Ila chanjo humpa mtoto kingamwili, na kingamwili ikishamgusa bakteria mara nyingi haimuui. Humtia alama tu, halafu seli nyingine ndiyo imle. Kwa mwanao, mlaji ndiye mwenye shida.

Bakteria tunayemwogopa hapa ni numokokasi, anayeleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Amejivika koti la sukari linaloteleza. Makrofaji, zile seli zinazomeza vijidudu, zikimgusa hazipati pa kumshikia, kama samaki mbichi kwenye mkono wenye sabuni. Kingamwili ina umbo la herufi Y: mikono miwili hung'ang'ania lile koti, na mkia hubaki umechomoza nje. Makrofaji nayo ina vipokezi vya kuudaka mkia huo. Hudaka mmoja, kisha wa jirani yake, kisha wa tatu, ngozi yake ikipanda juu ya bakteria kama zipu inavyofungwa, hadi bakteria azame ndani mzima na kusagwa.

Almroth Wright na Stewart Douglas waliueleza mpako huu mwaka 1903, wakauita opsonini, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya kitoweo. Sisi wa Mombasa hatuhitaji kufafanuliwa zaidi: hamri kavu hukwama kooni, lakini ukilipata na mbaazi za nazi lashuka lenyewe.

Sasa, mlaji mkubwa wa bakteria waliomo kwenye damu yumo ndani ya bandama, au wengu. Humo damu hupita polepole katika njia nyembamba, na makrofaji hupata wasaa wa kumdaka hata bakteria aliyepakwa kingamwili chache. Chembe nyekundu za sikoseli hukwama katika njia hizo hizo. Bandama huziba kidogo kidogo, sehemu zake hufa, na kwa watoto wengi huanza kushindwa kazi kabla hata ya kutimiza mwaka. Fundi wa maabara huweza kuliona hilo kwenye darubini: chembe nyekundu zina vidoa vidogo vya mabaki ya kiini, ambavyo bandama nzima ingekuwa imeshaviondoa.

Ini husaidia, lakini hutaka bakteria aliyepakwa vizuri zaidi. Tena chanjo iliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2011 ilibeba aina 10 za koti, na aina zinazojulikana zapita 90. Koti ambalo mtoto hajalifundishwa halipakwi vya kutosha, na bandama ya kufidia pengo hilo haipo. Penisilini haihitaji mpako wala mlaji. Humuua bakteria moja kwa moja. Ndiyo sababu hupewa mara mbili kwa siku, kwa kawaida hadi miaka mitano. Na akipata homa ya 38.5 au zaidi, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku na kivuko kina foleni. Usingoje kuona kama panadoli itaishusha.

"Damu si imejaa kingamwili siku zote? Mbona hao walaji hawali ovyo?" (Baba, Likoni)

Kwa sababu mkia mmoja unaoelea peke yake hauwaamshi. Nyingi hushikwa kwa ulegevu na kuachiliwa. Mlaji huamka pale mikia mingi iliyobanana mahali pamoja inapovisogeza vipokezi vyake vikakaribiana, jambo linalotokea kingamwili zikishapangana juu ya bakteria.

"Mamangu mdogo ana saratani ya titi, anadungwa trastuzumabu, tukaambiwa nayo ni kingamwili. Seli ya saratani nayo humezwa?" (Dada, Majengo)

Mara nyingi ni kubwa mno kumezwa, kwa hiyo huuawa pale pale ilipo. Dawa hiyo hushika HER2, protini iliyojaa juu ya seli hizo, na mkia wake hudakwa na seli za ulinzi ziitwazo NK. Seli ya NK hujibana na shabaha yake na kumimina silaha mbili: pafolini, inayotoboa ngozi ya seli, na granzimu, vimeng'enya vinavyoiamrisha ijiue. Kisha hubanduka na kutafuta nyingine. Hiyo si njia pekee ya dawa hii. Pia huzuia ishara zinazoifanya seli ikue. Lakini pasipo HER2 nyingi hakuna pa kushika, na ni takriban mgonjwa mmoja kati ya watano wa saratani ya titi aliye nayo. Ndiyo maana kinyama kilipimwa kwanza kabla mamako mdogo hajaandikiwa sindano.