Namna ya kuandika barua ya udhuru unapoitwa mahakamani

Kazi yangu ni ya masjala ya mahakama, mahali ambapo barua za watu hupigwa mhuri wa kupokelewa kabla ya kuwekwa ndani ya jalada na kupelekwa kwa hakimu. Barua za udhuru ni miongoni mwa zile ninazozisoma mara kwa mara, na nyingi hazimsaidii aliyeziandika hata pale ambapo sababu yake ni ya kweli na ni nzito. Nitaeleza hapa jinsi ya kuiandika barua hiyo, nikitumia zaidi mfano wa shahidi aliyepokea hati ya wito na ambaye siku ya shauri atakuwa mgonjwa, kwa kuwa hali hiyo hutokea mara nyingi na ina mafunzo yanayofaa kwa wito wa aina nyingine pia.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba samansi ni amri, na amri haiondolewi na barua ya yule aliyeamriwa. Aliyeandika kwamba hatafika bado anatakiwa kufika mpaka mahakama iseme vinginevyo. Kwa hiyo barua hii, ingawa watu wengi huichukulia kama taarifa, kisheria ni ombi, na isipoomba kitu hakimu hana cha kukubali wala cha kukataa. Huisoma, huiacha ndani ya jalada, na saa ya shauri jina linapoitwa na mtu asionekane, huamua kama vile barua haikuwepo. Shahidi anaweza kutolewa hati ya kukamatwa. Mdaiwa anaweza kuamuliwa shauri lake kwa kusikilizwa upande mmoja. Mdai anaweza kukuta shauri lake limefutwa.

Tuchukue mfano wetu. Mtu ameitwa kutoa ushahidi katika shauri la madai siku ya Alhamisi tarehe 14, saa tatu asubuhi. Kabla ya kupokea wito alikuwa amepangiwa upasuaji wa ngiri siku ya Jumanne tarehe 12, na daktari amemwambia kwamba atahitaji kupumzika hadi tarehe 26. Barua ambayo wengi wangeiandika ni kama hii: “Mheshimiwa, napenda kukutaarifu kwamba sitaweza kuhudhuria kesi kutokana na matatizo ya kiafya yaliyo nje ya uwezo wangu. Natumaini utanielewa. Ahsante.” Ni barua yenye adabu, wala haina uongo. Lakini karani hawezi kujua aiweke barua hiyo ndani ya jalada lipi, hakimu hawezi kupima kama maradhi hayo yanamzuia mtu kufika au yanamsumbua tu, na hakuna anayejua shauri lipangwe lini badala yake.

Sasa iandikwe upya. Juu kabisa, baada ya jina la mahakama na tarehe ya barua, uwekwe mstari wa kichwa cha habari unaobeba namba ya shauri kama ilivyoandikwa kwenye hati ya wito, bila kuifupisha, pamoja na majina ya wadaawa na tarehe ya kusikilizwa. Kisha: “Mimi ni shahidi niliyeitwa na upande wa mdai katika shauri lililotajwa hapo juu. Nilipokea hati ya wito tarehe 3, ikinitaka nifike mahakamani tarehe 14 saa tatu asubuhi. Naiomba Mahakama iniruhusu kutofika siku hiyo na ipange tarehe nyingine ya kupokea ushahidi wangu.”

Ombi limetangulia, na sababu inafuata: “Tarehe 12 nitafanyiwa upasuaji uliopangwa kabla sijapokea wito huu, na kwa maelekezo ya daktari sitaweza kusafiri wala kuketi kwa muda mrefu hadi tarehe 26. Naambatisha cheti cha daktari na nakala ya karatasi ya miadi ya upasuaji. Nitaweza kufika mahakamani siku yoyote kuanzia tarehe 27, na niko tayari kutoa ushahidi wangu.” Baada ya hapo ni saini, jina kamili, namba ya simu na anwani ambayo mwandishi anapatikana kweli, na mwishoni maelezo kwamba nakala imepelekwa kwa upande uliomwita na kwa upande wa pili.

Sentensi ninayoithamini kuliko zote katika barua hiyo ni ile ya sababu, kwa hiyo nitakaa juu yake kidogo. Inafanya mambo matatu. Kwanza, inaunganisha tatizo na siku ya shauri, badala ya kulieleza tatizo kwa ujumla. Mtu anaweza kuwa na kisukari kwa miaka mingi na akafika mahakamani bila shida; anachotaka kujua hakimu si jina la ugonjwa bali kinachozuia tarehe 14. Pili, inaeleza kizuizi kwa namna ya kitendo kisichowezekana, yaani kusafiri na kuketi, si kwa maneno kama “sijisikii vizuri” au “hali yangu si nzuri”. Tatu, inaonyesha kwamba kizuizi kilikuwepo kabla ya wito. Hili la tatu husahaulika sana, nalo ndilo linalotenganisha udhuru na kisingizio. Mtu anayeambatisha tiketi ya safari aliyoinunua siku mbili baada ya kupokea samansi amejiponza kwa mkono wake mwenyewe, kwa kuwa tarehe ya ununuzi huwa imeandikwa kwenye tiketi hiyo hiyo.

Cheti cha daktari nacho kina maneno yake. Cheti kinachosema tu kwamba fulani alionekana kliniki siku fulani kinathibitisha kuwa alikwenda kliniki, basi. Mwombe daktari aandike kwamba mgonjwa hataweza kufika mahakamani, tangu tarehe ipi hadi tarehe ipi, na kwa sababu ya kutoweza kufanya nini. Si lazima ugonjwa wenyewe utajwe kila mara. Kumbuka kwamba barua yako na viambatisho vyake vinaingia ndani ya jalada, na wadaawa wana njia za kulisoma jalada hilo; usiandike humo siri za mwili wako ambazo hazihitajiki ili ombi lieleweke. Mahakama ikitaka zaidi, itauliza.

Kuna mambo mengine ya kuacha nje. Usiizungumzie kesi yenyewe. Shahidi anayeandika kwamba “hata hivyo mimi sina ninachokijua kuhusu deni hilo” amekwisha kuanza kutoa ushahidi kwa barua, nje ya kiapo, na siku atakapofika ataulizwa juu ya sentensi hiyo. Usilalamike kwamba wito umekusumbua. Usiandike kwamba una kazi nyingi: shughuli za kazini kwa kawaida hazihesabiwi kuwa udhuru, isipokuwa pale zinapokuwa za aina isiyoweza kuachwa, na hapo barua ya mwajiri ieleze kwa nini hakuna mwingine wa kushika nafasi hiyo. Wala usiahidi tarehe ambayo huna hakika nayo, maana ombi la pili hupokelewa kwa shaka kubwa kuliko la kwanza.

Kwa mshtakiwa katika kesi ya jinai sitatoa mfano wa barua, na ninafanya hivyo kwa makusudi. Dhamana yake inategemea kufika kwake, kwa hiyo wakili wake ndiye anayepaswa kulipeleka ombi, na wadhamini wake waarifiwe siku hiyo hiyo. Barua aliyojiandikia peke yake na kumpa mtu aipeleke inaweza kumkuta tayari ametolewa hati ya kukamatwa.

Mdaiwa katika shauri la madai ana mtego wake, ambao uko pia katika ofisi za serikali. Kuahirishwa kwa siku ya kufika hakuongezi muda wa kufanya jambo jingine lililotakiwa. Kama hati ya wito imekutaka uwasilishe utetezi wa maandishi ndani ya siku kadhaa, siku hizo zinaendelea kuhesabiwa hata kama umeruhusiwa kutofika. Ukihitaji muda huo nao uongezwe, liwe ombi la pili lililoandikwa wazi kwa sentensi yake, tena kwa utaratibu ambao mahakama hiyo inautaka, ambao mara nyingi si barua ya kawaida.

Katika ofisi ya serikali, kwa mfano unapoitwa kwa usaili wa hati ya kusafiria au mapitio ya ruzuku, lugha inaweza kuwa nyepesi zaidi, lakini hatari iko mahali pengine. Ofisi haitakukamata, itafunga jalada lako na kulihesabu ombi lako kuwa limeachwa. Kwa sababu hiyo barua iwe na sentensi ambayo mahakamani haingehitajika: “Bado nahitaji huduma niliyoiomba, na naomba jalada langu lisifungwe kwa kutofika kwangu tarehe 14.” Taja namba ya kumbukumbu iliyo kwenye barua yao, si namba ya kitambulisho chako peke yake. Kama ofisi ina mfumo wa kubadilisha miadi mtandaoni, utumie huo, kisha hifadhi uthibitisho unaotolewa. Barua iliyopelekwa mahali ambapo mfumo ndio unaosomwa inaweza isifunguliwe mpaka siku ipite.

Dharura ya asubuhi ile ile haiwezi kusubiri barua. Piga simu masjala, au mtume mtu afike na kumweleza karani kabla shauri halijaitwa, na umwandike jina karani huyo pamoja na saa uliyozungumza naye. Barua ifuate mara unapoweza, na hiyo huandikwa kwa wakati uliopita: nini kilitokea, saa ngapi, ulimwarifu nani, na kama kuna amri iliyotolewa ukiwa haupo, unaomba itenguliwe. Usichelewe hapa, kwa kuwa maombi ya kutengua amri huwa na muda wake.

Ukipeleka barua mapema, chukua nakala mbili na uombe moja igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, ndiyo utakayobaki nayo. Ukiituma kwa baruapepe, omba jibu la kwamba imepokelewa. Siku mbili au tatu kabla ya tarehe ya shauri, uliza masjala kama ombi limeamuliwa. Karani akikujibu kwamba barua “ipo kwenye jalada”, amekwambia ilipo, hajakwambia kwamba umeruhusiwa. Kama hakuna uamuzi na unaweza kusimama, nenda. Kama huwezi, mwombe wakili au upande uliokuita asimame siku hiyo alitaje ombi lako mbele ya hakimu, akiwa na nakala yenye mhuri mkononi.