Ovaroli ikipanda jukwaani

"Si ovaroli kuukuu tu wamezikatakata, ubunifu uko wapi?"

Uko kwenye mshono. Lile koti la bluu kwenye onyesho la mitindo limetoka kwenye suruali mbili za kazi na hapo lazima ufumue taratibu, maana mishono yake imekunjiwa ndani, ukipitisha mkasi tu unapoteza upana wa kitambaa, halafu goti huwa limechoka kuliko paja, ukilipeleka kwenye kiwiko litachanika mapema, ndo maana mbunifu makini mikono anaikata kutoka pajani, na hapa imekaa vizuri sana. Kuhakikisha ni nguo iliyovaliwa kweli, tafuta kivuli cha mfuko uliobanduliwa, rangi pale imebaki nzito na vitundu vya sindano vinaizunguka. Makoti yote yakipauka sehemu zilezile, inaelekea kitambaa kilipaushwa kiwandani.