Gauni lililopungua sentimita 7 kabla ya kukatwa

Mwezi uliopita fundi cherehani mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, alirudi steshenari akiwa ameshika karatasi 24 zilizounganishwa kwa gundi ya karatasi. Zilikuwa pateni za gauni alizonunua mtandaoni kutoka Marekani, akanitumia PDF yake kwa WhatsApp, nami nikachapa bila kuuliza neno. Akazitandaza juu ya meza na kuweka futi yake kifuani. “Kaka, hili gauni nimshonee nani sasa?” Palipopaswa kuwa na sentimita 100 palikuwa na 93.

Bahati yake alipima kabla ya kukata kitambaa. Kosa lilikuwa langu, na ndilo ninaloliona kila wiki kwenye kazi hii, ila kwa wengi halionekani. Barua ikipungua kidogo nani atajua? Pateni, ramani ya nyumba, lebo za dawa na fomu zenye visanduku hazisamehi.

Ukurasa wa kwanza wa pateni ile ulikuwa na mraba wa kupimia wa sentimita 10 kwa 10. Niliupima kwa rula, nikapata 9.3. Nikafungua faili kwenye Adobe Reader, nikabonyeza `File`, kisha `Properties`. Mbele ya `Page Size` paliandikwa inchi 8.5 kwa 11. Hapo nikajua. Hiyo si A4, ni Letter, karatasi wanayotumia Marekani na Kanada.

Letter ina upana wa milimita 215.9 na urefu wa 279.4. A4 yetu ni 210 kwa 297. Yaani Letter ni pana kidogo na fupi, A4 ni nyembamba na ndefu. Ukiongeza kwamba printa nyingi za leza haziwezi kuweka wino kwenye milimita 4 hivi za mwisho kila upande, sehemu inayochapika kwenye A4 inabaki na upana wa kama milimita 202. Mimi niliacha chaguo la `Fit` kama lilivyokuwa. `Fit` maana yake ni “hakikisha ukurasa wote unaenea”, na ili milimita 216 zienee ndani ya 202, programu inapunguza kila kitu hadi asilimia 93 au 94. Ndiyo hiyo 9.3 ya kwenye mraba, na ndizo sentimita 7 za kifuani.

Basi nikabadili kuwa `Actual size`, nikachapa ukurasa ule mmoja tu wenye mraba. Mraba ukatoka sentimita 10 kamili. Lakini sasa ikaja shida ya pili. Mistari ya pembeni, ile ya kuonyesha pa kuunganishia karatasi, ilipotea kulia na kushoto, huku juu na chini pakibaki nafasi tele nyeupe.

Hesabu yake ni fupi. Letter inazidi A4 kwa milimita 6 hivi za upana, kwa hiyo ikiwekwa katikati, milimita 3 zinaanguka nje kila upande. Mistari ile ilichorwa milimita 6 kutoka ukingoni mwa Letter. Toa 3, zimebaki 3, na printa yangu haifiki hapo. Pambizo za faili zingekuwa za nusu inchi, yaani milimita 12.7, kusingekatika chochote, na wala nisingegundua kwamba karatasi ni tofauti.

Kwa hiyo ukurasa uliokatika una lugha yake. Ukikatika pembeni huku juu na chini pamebaki wazi, faili ni Letter na karatasi ni A4. Ukikatika juu na chini, mara nyingi ni kinyume: faili ni A4 lakini printa inaamini imewekewa Letter. Hili la pili ni la kawaida sana kwa printa mpya, kwa kuwa dereva nyingi, yaani programu zinazoiwezesha kompyuta kuongea na printa, huja zikiwa zimewekwa Letter. Dalili nyingine ni printa kusimama tu, taa inawaka na kuzima, ikisubiri Letter ambayo hapa mjini hutaipata dukani. Watu huzima printa, wakawasha, wakavuta kebo. Dawa ni kuingia `Printing preferences` na kuchagua A4, kisha kuangalia kama trei nayo imeandikwa A4 kwenye kioo cha printa yenyewe. Kompyuta inaweza kusema A4 na trei ikashikilia Letter.

Ukichapa kupitia Chrome, chaguo la kuchapa kwa ukubwa halisi limejificha. Fungua `More settings`, tafuta `Scale`, chagua `Custom` na uandike 100. Na tafadhali, mteja akikupa 9.3 usikimbilie kuandika 107 ili kufidia. Asilimia hiyo inahesabiwa juu ya ukubwa halisi wa faili, si juu ya ile 9.3, kwa hiyo mraba utatoka sentimita 10.7 na ukingo wa kila ukurasa utazidi kuliwa.

Kwa fundi wangu suluhisho lilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Nilimwomba anionyeshe alichopakua. Kwenye folda mlikuwa na faili mbili, moja ya Letter na nyingine ya A4, naye alinitumia iliyotangulia. Tukachapa ya A4 kwa `Actual size`, mraba ukapimwa, karatasi 24 zikatoka na mistari yake yote. Zile za kwanza nilimlipia mimi.

Fonti ni ugonjwa mwingine, nao hupatikana zaidi kwenye kadi za harusi. Kaka mmoja alileta PDF yenye “Bismillahi” kwa herufi za Kiarabu na majina kwa mwandiko wa kupendeza. Kwenye simu yake palikuwa pazuri. Kwangu majina yalitoka kwa herufi za kawaida, na Kiarabu kikawa visanduku. Swali la kwanza ni hili: kwenye kioo cha kompyuta ya dukani panaonekanaje? Kukiwa kumeharibika hata hapo, fonti haikuwekwa ndani ya faili. Kioo kikiwa safi na karatasi ikawa mbaya, shida iko kwa dereva au printa.

Kwa kuhakikisha, fungua tena `Properties`, kichupo cha `Fonts`. Kila fonti iwe na maneno `Embedded` au `Embedded Subset`. Wanaotumia Linux wanaweza kuandika:

```
pdfinfo kadi.pdf
pdffonts kadi.pdf
```

Amri ya kwanza inatoa ukubwa wa ukurasa (A4 ni kama pointi 595 x 842, Letter ni 612 x 792), na ya pili ina safu ya `emb`. Palipoandikwa `no`, fonti haimo.

Printa ikiwa ndiyo mkosaji, ingia `Advanced` kwenye dirisha la kuchapa la Adobe Reader na uweke alama kwenye `Print As Image`. Kompyuta inachora ukurasa wote kama picha, printa haigusi fonti. Inachelewa, na maandishi madogo yanaweza kufifia kidogo, lakini kadi inatoka. Fonti ikiwa haimo kwenye faili, hiyo haisaidii, kwani itapiga picha ya visanduku vilevile. Aliyetengeneza kadi ndiye aitoe upya kutoka kwenye kompyuta yenye fonti hiyo. Kaka wa harusi alimpigia simu mchoraji, faili mpya ikaja baada ya nusu saa, na safari hii safu ya `emb` ilikuwa `yes` mwanzo hadi mwisho.