Asilimia 30 ya nini, ndugu zangu?

Nimeletewa tena hesabu jumuifu za kampuni iliyonunua asilimia 70 ya nyingine, ambamo hisa za wachache, yaani ile asilimia 30 iliyobaki kwa wengine, zimechukuliwa moja kwa moja kwenye mizania ya zamani ya kampuni tanzu. Mtu kapiga asilimia 30 ya mtaji wa vitabuni, akafunga faili. (Kuna pia wanaojumuisha asilimia 70 tu ya mali kwa kuwa wamenunua 70. Ukidhibiti, unajumuisha zote. Hilo tusibishane.)

Chukua mfano wa kubuni: kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Kampuni mama inalipa bilioni 4.2 kwa asilimia 70. Vitabuni mali halisi ni bilioni 3.6, lakini mthamini anakuta vyumba vya baridi na mitambo vina thamani zaidi kwa bilioni 2. Ondoa kodi iliyoahirishwa, asilimia 30 ya hilo ongezeko, yaani milioni 600. Mali halisi kwa thamani ya haki ni bilioni 5.

Sasa wachache wanapata asilimia 30 ya hizo bilioni 5, yaani bilioni 1.5. Gudwili ni 4.2 jumlisha 1.5 toa 5, sawa na milioni 700. Yule wa vitabuni angeandika wachache bilioni 1.08 na gudwili milioni 280. Ameingiza ongezeko lote upande wa mali, kisha akawanyima wachache fungu lao. Ukitaka kumkamata, angalia tu kama wachache siku ya ununuzi ni sawa na asilimia yao ya mtaji wa vitabuni, ilhali mali zimethaminiwa upya.

IFRS 3 inaruhusu njia ya pili: kupima hisa za wachache kwa thamani ya haki. Unachagua kwa kila ununuzi, hulazimiki kufuata ulichofanya mwaka jana. Hapa ndipo wajanja wanaponikera. Wanachukua 4.2, wanagawa kwa 70, wanazidisha kwa 30, wanapata bilioni 1.8. Kwa hesabu hiyo gudwili inakuwa bilioni moja kamili, inapendeza machoni. Lakini sehemu ya ile bilioni 4.2 ililipwa ili mnunuzi apange bei ya samaki, ateue meneja na kuamua gawio. Mwenye asilimia 30 hana hata kimoja kati ya hivyo, kwa hiyo hisa yake moja huenda ikawa na bei ndogo.

Ndogo kiasi gani? Hapo hata mimi nasitasita. Hisa za kiwanda kama hiki haziuzwi soko la hisa Dar. Mthamini mmoja atasema bilioni 1.65, na gudwili itakuwa milioni 850. Mwingine atakuja na 1.5, na wote wawili watakuwa na karatasi nzuri za kujitetea. Ndiyo maana kampuni ya ukubwa huu mara nyingi naishauri itumie uwiano wa mali halisi, isipokuwa mtu anionyeshe bei ambayo hisa za wachache ziliuzwa karibuni kati ya watu wasiohusiana.