Kukunjua ukurasa si kuunyoosha

Miongoni mwetu tunaohamisha majedwali ya zamani ya mvua kutoka vitabu vilivyojalidiwa hadi kwenye kompyuta, hapa Nairobi, neno "kunyoosha" limebebeshwa mzigo usio wake. Picha ikikaa upande, husemwa inyooshwe. Ikipigwa kwa mshazari, inyooshwe. Na ukurasa ukibinuka kuelekea mshono wa kitabu, nao unyooshwe. Katika hali mbili za kwanza sina ugomvi. Hali ya tatu ni kazi nyingine, nami huiita kukunjua: kukadiria umbo ambalo karatasi ilikuwa nalo ilipopigwa picha, kisha kuihamisha kila nukta hadi mahali ambapo ingekuwa kama karatasi ingelala bapa.

Lugha yenyewe imekwisha kututenganishia mambo haya. "Nyoosha" ni kauli ya kutendesha ya "nyooka", kama "amsha" ilivyotoka kwa "amka". Hukifanya kitu kiwe sawa bila kuuliza kilifikaje hapo kilipo. "Kunjua" ni kauli ya kutendua: kama "fungua" inavyolitendua tendo la kufunga, ndivyo "kunjua" inavyolitendua tendo la kukunja, na hulazimu kujua kwanza kukunja kwenyewe kulikuwaje. Mkeka uliokunjwa hauvutwi ncha ukalala. Hukunjuliwa, na urefu wake haukupungua hata kidogo ulipokuwa umekunjwa. Karatasi nayo ni hivyo hivyo, ikibinuka haitanuki wala hainywei, na hesabu yote inayofuata imesimama juu ya ukweli huo.

Tuseme kamera iko sentimita 40 juu ya katikati ya ukurasa wa kushoto, na karatasi inazama sentimita 3 inapofika kwenye mshono. Kilicho mbali zaidi huonekana kidogo zaidi, kwa hiyo pale mshononi kila kitu hupungua hadi 40/43, yaani takriban asilimia 93, kikivutwa kuelekea katikati ya picha. Mstari ulio sentimita 10 juu ya katikati huteremka karibu milimita 7 ufikapo mshononi. Ulio sentimita 10 chini hupanda kiasi hicho hicho. Ule wa katikati hautikisiki. Ikiwa mistari ya jedwali imeachana kwa milimita 5, programu inayosoma kwa kufuata mlalo itachukua mvua ya Desemba ya kituo kimoja na kukipa kituo kingine. Dalili yake naiamini kuliko jicho: jumlisha miezi 12 ya kila kituo, ulinganishe na safu ya jumla iliyochapishwa. Mistari ya katikati ikikubali huku ya juu na ya chini ikikataa, ukurasa ulibinuka.

Kuna upotovu wa pili, nao ni wa upana. Mahali karatasi inaposhuka kwa nyuzi 60, safu yenye upana wa milimita 16, ikitazamwa wima kutoka juu, huonekana kama ya milimita 8. Kuinua kamera hadi sentimita 120 kutapunguza kupinda kwa mistari hadi milimita 2.4 hivi, lakini kubanwa kwa safu kutabaki.

Sasa kukunjua. Fuatilia mstari uliochapwa juu ya jedwali na ule wa chini yake, kwa nukta kadhaa kila mmoja, upitishe mstari laini unaopinda katika nukta hizo. Kwenye karatasi mistari hiyo miwili imeachana kwa kipimo kile kile popote. Kwa hiyo ikionekana imekaribiana hadi asilimia 93, umejua kwamba pale karatasi iko sentimita 43 kutoka kwenye kamera. Ukishapata kina, upana wa kweli hutokana na pembetatu: safu iliyoenda milimita 8 kwa mlalo huku ikishuka milimita 14 ina upana wa mzizi wa 64 + 196, yaani takriban milimita 16. Andaa ramani ya nukta zote kwa vipimo hivyo, uipe `cv2.remap` ya maktaba ya OpenCV, na hapo ndipo usomaji wa tarakimu uanze. Programu zinazokisia umbo kwa kufuata mistari ya maneno, kama `page-dewarp`, hufaa kurasa za maandishi marefu. Kwenye jedwali nafasi tupu kati ya safu huwa zinazikatia njia, ndiyo maana napendelea mistari iliyochapwa.

Hata hivyo, safu iliyobanwa ikitanuliwa mara mbili haipati pikseli mpya, na 3 iliyofifia inaweza kubaki ikifanana na 8. Picha ya pili ya eneo la mshono, kamera ikiwa imeinamishwa kuukabili mteremko, ndiyo hurudisha kilichopotea.

Kwa hiyo mwenzangu anaponiambia kwamba ameunyoosha ukurasa kwa `cv2.getPerspectiveTransform` na bado Desemba imehama, humwambia kwa upole kwamba hakukosea hesabu. Pembe nne alizotoa zimeuweka ukurasa mstatili, na hesabu hiyo huacha kila kilichonyooka kikiwa kimenyooka na kila kilichopinda kikiwa kimepinda. Ameunyoosha kweli, bado hajaukunjua.